Watoto 27 wenye vipimo visivyowezekana: kukagua data ya lishe kabla ya kuichanganua

*Daktari, mimi ni afisa wa lishe hapa Kisumu. Julai 2024 tulipima watoto 640 wa miezi 6 hadi 59 katika Nyando na Muhoroni, na programu ya Stata imewatia alama watoto 27 kuwa wana vipimo visivyowezekana. Mwenzangu anasema tuwafute, nafasi tupu tuzijaze kwa wastani, kisha tuanze uchanganuzi. Nimekutumia faili, amri nilizoandika na rekodi tatu zinazonisumbua. Tuendelee hivyo?*

Kwa sasa msifute mtoto yeyote, na msijaze nafasi hata moja. Wekeni kando nakala ya faili kama ilivyotoka kwenye vishikwambi, ifungwe isiweze kuandikwa, na kazi yote ya usafishaji ifanyike kwenye nakala nyingine. Nasema hivi mwanzoni kwa sababu nilipoifungua faili yako niligundua kwamba watoto wenye vipimo visivyowezekana hawafiki 27, na kama mngefuta mngepoteza watoto ambao hawana kosa lolote.

Tazama amri yako ya pili, ile inayosema `replace kasoro = 1 if whz > 5`. Kwa Stata, nafasi tupu huhesabiwa kuwa kubwa kuliko namba yoyote ile. Mtoto ambaye hakupimwa urefu hana alama ya uzito kwa urefu, kwa hiyo nafasi yake ni tupu, na programu inapoulizwa kama utupu huo unazidi 5 hujibu kwamba ndiyo, unazidi. Nimewahesabu watoto 18 kati ya wale 27 ambao hawana urefu kabisa. Wengi wao wana uzito mzuri, umri uliothibitishwa na kipimo cha mzunguko wa mkono, na wote wangetupwa nje kwa sababu ya alama moja ya hisabati. Amri inapaswa kusema wazi kwamba nafasi tupu haihusiki:

```
gen kasoro = 0
replace kasoro = 1 if (haz < -6 | haz > 6) & !missing(haz)
replace kasoro = 1 if (waz < -6 | waz > 5) & !missing(waz)
replace kasoro = 1 if (whz < -5 | whz > 5) & !missing(whz)
```

Hapo `haz` ni urefu kwa umri, `waz` ni uzito kwa umri, na `whz` ni uzito kwa urefu. Kila alama hueleza mtoto yuko mbali kiasi gani na mtoto wa katikati wa umri au urefu wake, kwa viwango vya ukuaji ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2006. Mipaka hiyo ya 5 na 6 iliwekwa mbali makusudi. Mtoto aliyedumaa vibaya sana anaweza kufika -4 au hata -5 na bado akawa mtoto halisi anayecheza uani kwao, lakini anayepita -6 karibu kila mara ni kosa la kalamu, la mzani au la tarehe.

Ukiendesha amri hizo unabaki na watoto tisa. Mmoja wao ana miezi 13 na urefu wa sentimita 99.9, jambo lisilowezekana, na hiyo 99.9 yenyewe ndiyo inayopaswa kukushtua. Nimepanga safu yote ya urefu na kukuta watoto wengine watatu wenye 99.9 kamili, wote wakiwa na umri wa kati ya miaka mitatu na minne. Hao hawakutiwa alama, kwa kuwa mvulana wa kawaida wa miaka mitatu na nusu ana urefu wa karibu sentimita 100. Nadhani kikundi kimoja cha wapimaji kilitumia 99.9 kumaanisha "hakupimwa", kama hojaji nyingi za karatasi zilivyozoea kutumia 99. Waulize kabla ya kugusa chochote, maana mmoja wao anaweza kuwa amepimwa kweli na kupata urefu huo. Wakithibitisha kwamba ilikuwa ishara ya kukosekana, igeuze iwe nafasi tupu, kisha kokotoa upya alama zote tatu:

```
replace urefu = . if abs(urefu - 99.9) < 0.01
```

Nimeandika kwa mtindo huo wa tofauti ndogo badala ya kusema `urefu == 99.9` kwa sababu Stata huhifadhi desimali kwa ukaribu tu, na ulinganisho wa moja kwa moja unaweza kupita bila kumpata mtu, nawe ukadhani safu ni safi. Ishara ya namna hii haifai kamwe kuwa namba ambayo mtoto anaweza kuwa nayo. Wakati mwingine wekeni swali tofauti lenye majibu ya kuchagua: amepimwa, amekataa, hayupo nyumbani, mgonjwa au ana ulemavu unaozuia kupimwa. Jibu hilo litakufaa zaidi kuliko utupu, kama nitakavyoeleza chini.

Sasa nije kwenye rekodi tatu ulizotuma, maana ndizo zinazoonyesha kazi yenyewe.

Mtoto nambari 114 ni mvulana wa miezi 14, uzito kilo 9.8, urefu sentimita 57.2, mzunguko wa mkono milimita 142. Urefu wake kwa umri uko karibu -8, na uzito wake kwa urefu umepita +5 mbali sana, kwa sababu mtoto wa sentimita 57 kwa kawaida huwa na kilo tano hivi. Lakini uzito wake kwa umri ni wa kawaida kabisa. Alama mbili zimeharibika na moja imesimama, na ile iliyosimama ndiyo pekee isiyotumia urefu. Kwa hiyo kosa liko kwenye urefu. Zipindue tarakimu mbili za mwanzo upate 75.2, na mtoto anarudi karibu -1, mahali ambapo uzito wake na mkono wake vinasema alipaswa kuwa. Hata hivyo usiandike 75.2 kwa sababu inapendeza. Angalia kwanza karatasi ya kikundi, kama waliandika kipimo kwa kalamu kabla ya kukiingiza. Ikiwa karatasi inasema 75.2, sahihisha. Ikiwa hakuna karatasi, rudini nyumbani kwa mtoto.

Njia hii ya kulinganisha alama tatu ndiyo ninayoitegemea kuliko nyingine yoyote, na inafaa uielewe vizuri. Kila alama hujengwa kwa vitu viwili kati ya vitatu: umri, uzito na urefu. Urefu ukikosewa, `haz` na `whz` huharibika na `waz` hubaki. Uzito ukikosewa, `waz` na `whz` huharibika na `haz` hubaki. Umri ukikosewa, `haz` na `waz` huenda upande mmoja pamoja, huku `whz`, ambayo haitumii umri, ikibaki imetulia.

Mtoto nambari 203 ni mfano wa hilo la mwisho. Ni mvulana aliyeandikwa kuwa amezaliwa Novemba 2023, kwa hiyo ana miezi minane, lakini ana urefu wa sentimita 92.0 na kilo 13.1. Urefu wake kwa umri unazidi +9. Uzito wake kwa umri uko karibu +4, haujafika mpaka wa kutiwa alama, lakini umeelekea upande uleule. Uzito wake kwa urefu uko karibu na sifuri, yaani mwili wake umejengeka sawasawa. Kilichokosewa hapa ni umri. Na hojaji yenu yenyewe ina ushahidi, kwa kuwa kwenye sehemu ya chanjo imeandikwa kwamba alipata dozi ya pili ya surua. Nchini Kenya dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na ya pili akiwa na miezi 18, basi mtoto wa miezi minane angewezaje kuwa nazo zote mbili? Ukichukua mwaka wa kuzaliwa kuwa 2021 badala ya 2023 anakuwa na miezi 32, na kila kitu kinalingana. Kijitabu chake cha kliniki kitaamua. Kama familia haina kijitabu, tumieni kalenda ya matukio: alizaliwa kabla au baada ya uchaguzi wa Agosti 2022? Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona Machi 2020, mama alikuwa tayari amejifungua mtoto gani? Mama ambaye hakumbuki tarehe mara nyingi hukumbuka hayo bila shida.

Mtoto nambari 388 hakutiwa alama na Stata, nami nakushukuru kwa kumtilia shaka, ingawa huenda shaka yako si sahihi. Ni msichana wa miezi 30, urefu sentimita 74.5, uzito kilo 8.1, mkono milimita 122. Urefu kwa umri ni karibu -4.6, uzito kwa umri uko chini ya -3, na uzito kwa urefu si mbaya sana. Kwa kanuni niliyoieleza hapo juu, hii ni picha ya umri uliokosewa. Tatizo ni kwamba hiyo pia ndiyo picha ya mtoto aliyedumaa kweli kwa muda mrefu: mfupi kwa umri wake, mwepesi kwa umri wake, lakini mwili wake unalingana na urefu wake mdogo. Namba peke yake haziwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Kama kijitabu kinathibitisha kwamba ana miezi 30, basi vipimo vyake vibaki kama vilivyo, na zaidi ya hayo mkono wa milimita 122 uko chini ya 125, kwa hiyo alipaswa kupelekwa kituo cha afya siku ileile aliyopimwa. Hakikisha kwamba alipelekwa.

Huyu msichana ndiye sababu ya mimi kutopenda mipaka finyu inapotumiwa kufuta bila kufikiri. Kuna mbinu ya pili, ile inayotumiwa na tafiti za lishe za SMART, ambayo humtia alama mtoto aliye mbali na wastani wa utafiti wenyewe kwa zaidi ya 3. Tuseme wastani wenu wa urefu kwa umri ni -1. Kwa mbinu hiyo kila aliye chini ya -4 hutiwa alama, na nambari 388 angetolewa kwenye hesabu ya udumavu. Kwa mipaka ya Shirika la Afya Duniani anabaki. Mbinu hizo zina kazi tofauti, na ile ya SMART inafaa zaidi katika kukadiria ukondefu kwenye utafiti mdogo wa dharura, lakini mnapaswa kuchagua moja na kuiandika kwenye mpango wa utafiti kabla ya kuona asilimia yoyote. Anayechagua baada ya kuona matokeo huwa amechagua matokeo.

Baada ya kuondoa zile nafasi tupu na mtoto wa 99.9, unabaki na watoto wanane kati ya 640, sawa na asilimia 1.25. Kwa mipaka ya Shirika la Afya Duniani, kuzidi asilimia 1 huchukuliwa kuwa dalili ya upimaji dhaifu, na hapo ndipo mwenzako anapokosea zaidi. Anaamini kwamba akiwafuta wanane, data imekuwa safi. Lakini mkono uliopindua 75.2 ikawa 57.2 ungeweza pia kupindua 75.2 ikawa 72.5, na mtoto huyo angepita bila alama, akihesabiwa kuwa amedumaa wakati hajadumaa. Makosa yaliyoonekana ni yale yaliyotokea kuwa makubwa. Yale madogo yamebaki ndani ya mipaka, nayo hujionyesha kwa njia nyingine: huwatawanya watoto kupita kiasi.

Kwa hiyo kokotoa mkengeuko sanifu wa `whz`, kwa utafiti mzima na kwa kila kikundi peke yake. Katika jamii nyingi hukaribia 1, na kwa kawaida tunakubali kati ya 0.8 na 1.2. Athari yake si ndogo. Chukua wastani wa -0.3. Mkengeuko ukiwa 1.0, watoto walio chini ya -2, yaani wakondefu, ni kama asilimia 4.5. Mkengeuko ukipanda hadi 1.3 kwa sababu ya upimaji ovyo, wastani ukiwa uleule, asilimia hiyo inakuwa 9.5. Ukondefu umeongezeka zaidi ya maradufu bila mtoto hata mmoja kupungua gramu moja, na kaunti inaweza kuagiza chakula cha tiba kwa misingi hiyo.

Katika faili yako, vikundi vinne vina mkengeuko wa kati ya 0.95 na 1.1. Kikundi cha tatu kina 1.4. Watano kati ya wale wanane ni wake pia. Nikatazama tarakimu ya mwisho ya urefu waliouandika, ile ya milimita. Ubao wa kupimia urefu ukisomwa vizuri, kila tarakimu kuanzia 0 hadi 9 hujitokeza takriban mara moja kwa kumi. Kwa kikundi hicho, zaidi ya nusu ya vipimo huishia kwa 0 au 5. Hiyo maana yake ni kwamba walikuwa wakikadiria, si kusoma. Katika utafiti mmoja niliousimamia zamani huku magharibi nilikuta tabia hiyohiyo, na chanzo hakikuwa uvivu: kipande cha utepe kwenye ubao kilikuwa kimefutika kwa mvua, mistari ya milimita haikuonekana, na hakuna aliyetaka kumwambia msimamizi siku ya tatu kwamba kifaa kimeharibika. Kwa hiyo kagua ubao na mzani wao kabla ya kuwalaumu. Uliza pia kama walimlaza kila mtoto wa chini ya miezi 24 na kumsimamisha aliyezidi hapo. Mtoto huyohuyo akipimwa amelala huwa mrefu kwa takriban sentimita 0.7 kuliko akipimwa amesimama, na kikundi kilichowasimamisha wadogo kitawadumaza kwenye karatasi.

Kuhusu umri, jambo moja zaidi. Nimechora idadi ya watoto kwa kila mwezi wa umri, na kuna vilima kwenye 12, 24, 36 na 48, kama ilivyo popote ambapo umri uliulizwa kwa miaka badala ya kusomwa kwenye kijitabu. Faili yako ina safu ya chanzo cha tarehe, jambo zuri. Fanya mchoro huo kwa wenye kijitabu peke yao na kwa wasio nacho peke yao. Vilima vikiwa kwa wasio nacho tu, elezea hilo kwenye ripoti, kwamba makadirio ya udumavu kwa watoto hao ni hafifu, huku ukondefu ukiwa salama kwa kuwa hautumii umri.

Sasa zile nafasi tupu. Kuzijaza kwa wastani kuna ubaya wa aina mbili. Kwanza, mnaongeza watoto wa bandia ambao wote wako katikati kabisa, wakipunguza mtawanyiko na kuficha kasoro niliyotoka kuieleza. Pili, mnadhani watoto wasiopimwa wanafanana na waliopimwa, na kwa kawaida hawafanani. Katika wale 18 wako, 13 wana umri chini ya miezi 18, na maelezo ya wakusanyaji yanataja mara kadhaa kwamba mtoto alikuwa analia au alikuwa na homa. Mtoto mwenye homa wiki hiyo huenda ndiye aliyepungua uzito. Ukimpa wastani umemponya kwenye kompyuta. Waache wakiwa watupu kwenye uchanganuzi wa urefu, watumie kwenye uchanganuzi wa mkono na wa uzito kwa umri ambako wana data, na toa jedwali dogo linalolinganisha waliopimwa na wasiopimwa kwa umri, jinsia na kikundi. Msomaji wa ripoti ataamua mwenyewe aamini kiasi gani.

Kila badiliko liandikwe kwenye daftari la masahihisho: nambari ya mtoto, safu iliyoguswa, thamani ya zamani, thamani mpya, sababu, jina la aliyebadilisha na tarehe. Lifanye kama amri za Stata, si kwa kubofya kwenye jedwali, ili mtu mwingine akianza na faili ghafi afike pale ulipofika wewe.

Mwisho ni safari ya kurudi. Nendeni kwa watoto wote wanane, na pia kwa watoto kumi hivi wa kikundi cha tatu waliochaguliwa kwa kura, wakiwemo wale ambao vipimo vyao vinaonekana vizuri. Wapimwe na kikundi kingine kisichoambiwa namba za kwanza. Fanyeni haraka, kwa sababu mtoto wa mwaka mmoja huongezeka sentimita moja hivi kwa mwezi, na mkichelewa hamtajua kama tofauti ni kosa au ni ukuaji. Kipimo kipya kiingizwe na tarehe yake mpya ili umri ukokotolewe upya, maana nimeshaona urefu wa Agosti ukilinganishwa na umri wa Julai, na kosa jipya likazaliwa pale ambapo watu walikwenda kuondoa la zamani.